Mbegu za Bondeni Kwenye Ukurasa wa Mahindi

Mwanaume wa Tukuyu alinipigia simu mvua za kwanza zikiwa zimeshaanza kunukia. Mimi nilikuwa Iringa, kwenye chumba nilichopanga, natengeneza tovuti za watu. Tovuti aliyoiulizia ilikuwa ya duka la mbegu la Mbeya, na namba ya msaada iliyoandikwa chini ya kila ukurasa ilikuwa yangu.

"Samahani," alisema, "mmeacha kuuza mbegu za mahindi za huku kwetu kwenye baridi?"

Nikamwambia hapana, zipo, tena aina nyingi.

"Mbona naona nne tu, na zote za sehemu za joto? Nimetafuta mtandaoni jina la duka na mbegu za mahindi, nikafungua ya kwanza kabisa."

Nilimwomba anitumie picha ya kioo cha simu yake. Ilipofika, niliikuza kwa vidole. Kichwa cha ukurasa kilisema Mbegu za Mahindi, maelezo ya juu yalikuwa yaleyale niliyoyaandika mwenyewe, ila chini yake zilikuwepo aina nne tu, zote za maeneo ya chini. Kwenye kona, kwa herufi ndogo za kijivu, paliandikwa "eneo: chini". Hata mimi niliyeyaandika niliyatafuta kwa macho kabla ya kuyaona.

Miezi michache nyuma, mwenye duka ndiye aliyeniomba nirahisishe tovuti. Ni mama wa makamo, babu yake alikuja Mbeya kutoka pwani kufanya biashara, na yeye mwenyewe ameuza mbegu tangu alipoolewa. Alitaka mkulima aweze kuchagua mbegu kwa eneo lake, kwa ukubwa wa pakiti, kwa muda wa kukomaa, na kuzipanga kuanzia bei ya chini. Nikaweka linki za kuchuja na kupanga. Nilijivunia kazi ile. Sikufikiria kwamba kila linki ile ilizaa ukurasa wenye anwani yake. Ukichuja eneo la chini, anwani inaongezewa alama ya kuuliza na maneno mawili. Ukipanga kwa bei, inaongezewa mengine. Ukifanya yote mawili, mengine tena. Kwa mkulima ni ukurasa mmoja anaoupangua anavyotaka. Kwa injini ya utafutaji, inayopita kwenye kila linki na kuandika kila anwani, zilikuwa kurasa mamia zinazofanana kama mapacha, zote zenye kichwa kimoja na maelezo yaleyale. Na injini haipendi kuonyesha mapacha wote. Inachagua mmoja.

Ilimchagua wa eneo la chini, na niliposhika kompyuta nilijua kwa nini. Wakulima wa Ubaruku, wanaolima mpunga bondeni na mahindi pembeni yake, walikuwa wameipenda ile linki. Mmoja wao aliiweka kwenye tovuti ya kikundi chao, wengine wakaisambaza. Injini ikaona ukurasa ule ndio unaotajwa na watu, ikauona ndio mkubwa.

Yule wa Tukuyu alikuwa ameona kasoro. Kilichonitesa ni wale ambao hawakuiona.

Nilimpigia mwenye duka. Nikamsalimia, akaitikia, akasikia sauti yangu.

"Una nini, mwanangu?"

Nilimweleza.

"Unaniambia kuna watu wa milimani wamenunua mbegu ya bondeni, wakidhani ndiyo tuliyonayo?"

"Inawezekana, Mama."

"Hiyo mbegu ukiipanda Mufindi haifi. Ingekufa ingekuwa nafuu, mtu angepanda tena. Inaota, inapendeza, halafu ukungu unakula majani, na mtu ameshamaliza mbolea yake." Akavuta pumzi. "Nitafungua orodha ya oda. Wewe zuia hilo jambo sasa hivi."

Neno "zuia" lilinikaa kichwani vibaya. Kwanza nilifanya mambo mawili ya maana. Juu ya kila ukurasa uliochujwa niliweka maandishi makubwa, kwa mfano: unaangalia mbegu za maeneo ya chini pekee, bonyeza hapa kuona zote. Kisha nikaweka tagi ya canonical, mstari mmoja mfupi ambao msomaji haoni, unaokaa kichwani mwa msimbo wa ukurasa na kuiambia injini: huu ni nakala, ukurasa wenyewe ni ule pale, bila kuchujwa wala kupangwa. Kurasa zote za mahindi zilizochujwa zikaelekeza kwenye ukurasa mkuu wa mahindi, za maharage kwenye wa maharage. Nilikagua moja moja, nikihofia kuelekeza maharage kwenye mahindi.

Ningeishia hapo. Lakini hofu haijui kuishia. Kuna faili dogo linaloiambia injini isipite wapi kwenye tovuti. Nikaandika humo kwamba isipite kwenye anwani yoyote yenye maneno ya kuchuja na kupanga. Nikajiona nimefunga mlango mara mbili.

Jioni mwenye duka alinipigia. Kwenye orodha alipata oda tatu za mbegu ya bondeni zilizopelekwa kwenye baridi. Mmoja alikuwa Makete, akasema hajafungua pakiti. Wa pili, wa karibu na Mbeya mjini, alikuwa amewanunulia ndugu zake wa Usangu, kule bondeni, kwa hiyo hakukosea. Wa tatu alikuwa mwanamke wa Igowole. Simu yake haikupatikana.

"Nimepiga mara sita," alisema Mama. "Wewe uko karibu zaidi kuliko mimi."

Kesho yake nilikwenda. Njia nzima nilitazama mashamba dirishani, na kila palipokuwa na udongo uliochimbuliwa karibuni nilihisi ni wake. Igowole palikuwa na ukungu na manyunyu. Nilitaja jina lililokuwa kwenye oda kwenye duka la kwanza, wakanielekeza.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, amevaa sweta la kiume na buti, anapukuchua maharage. Alikuwa na umri wa mama yangu.

"Kamwene," nikamsalimia kwa lugha ya huko.

"Kamwene, mwanangu. Karibu ndani, kuna baridi."

Simu yake ilikuwa imeingia maji. Nilimweleza nilikotoka, nikauliza kuhusu mbegu. Akaniangalia kana kwamba nimemletea habari ya msiba.

"Nimepanda juzi," alisema. "Pakiti mbili. Nyingine mbili zimo ndani."

Nikamwambia. Nilitafuta maneno ya kuifanya ionekane kosa la kompyuta, lakini yalipofika mdomoni niliyaacha. Nilisema tovuti niliitengeneza mimi, na ilimwonyesha sehemu tu ya mbegu bila kumwambia vizuri kuwa ni sehemu.

Hakugomba. Aliingia ndani akatoka na pakiti moja, akaisogeza karibu na macho.

"Imeandikwa hapa," alisema. "Niliona. Nikajiambia, duka kubwa kama lile, kama wameziweka hizi tu basi wanajua wanachofanya. Mimi ni nani nibishane na duka?"

Maneno yale yaliniuma kuliko kama angenitukana. Nilimpigia mwenye duka palepale kwa simu yangu na kumpa waongee. Walielewana kwamba mbegu ya baridi ingepakiwa kwenye basi kesho yake, ya kutosha shamba lote. Lile alilokwisha kupanda angelifukua na kuanza upya, mvua ikiwa bado changa. Nilijitolea kubaki nimsaidie kufukua. Akacheka kidogo, akitazama viatu vyangu, akasema wapo wenye majembe.

Nilidhani kilichobaki ni kusubiri. Injini haisomi tovuti yote kwa siku moja. Inarudi kwa wakati wake, na hata ikirudi, ile tagi ni ombi, si amri. Kila asubuhi kabla ya chai nilikuwa natafuta mbegu za mahindi na jina la duka. Wiki ikapita, ukurasa wa bondeni ukawa palepale juu. Wiki ya pili ukawa bado upo, na sasa chini ya kichwa pakaandikwa kwamba hakuna maelezo ya ukurasa huu. Mwenye duka alikuwa akiuliza kila siku, kwa upole, na upole wake ulinimaliza. Nilianza kuogopa mlio wa simu. Nilikula nusu sahani.

Nikamfuata rafiki yangu niliyesoma naye, anayetunza tovuti za kampuni moja ya utalii palepale Iringa. Alifungua tovuti yangu, akasoma ile tagi.

"Tagi iko sawa," alisema. Kisha akafungua lile faili dogo, akaigeuza kompyuta yake upande wangu. "Hili umeandika wewe?"

"Ndiyo. Nilitaka injini isiingie kabisa kwenye zile kurasa."

"Sasa isipoingia, hiyo tagi itaisoma wapi?"

Nilihisi uso unawaka. Nilikuwa nimebandika tangazo ndani ya chumba, halafu nikatia kufuli mlangoni. Injini ilijua anwani ipo kwa sababu watu wa Ubaruku waliitaja. Ikakatazwa kuingia. Basi ikaendelea kuionyesha bila kujua tena kilichomo.

Tulifuta mistari ile ya katazo pamoja. Akanishauri pia nihakikishe orodha ya kurasa tunayoipa injini ina kurasa kuu tu, na linki za kwenye menyu zinakwenda kwenye kurasa kuu moja kwa moja, ili ombi letu lisipingane na matendo yetu.

Nilimweleza mwenye duka ukweli wote, pamoja na zile wiki nilizozipoteza mwenyewe. Alisikiliza, akauliza jambo moja.

"Na watu wangu wa Ubaruku? Wakibonyeza ile linki yao?"

"Itafunguka vilevile, Mama. Tagi haimfungii mtu mlango. Inaiambia injini tu upi wa kuuonyesha."

"Basi sawa," alisema. "Ila siku nyingine ukiogopa, niambie kwanza ndipo ushike kitu."

Kabla ya Krismasi, ripoti ya injini ilianza kuzitaja zile kurasa kama nakala zenye tagi sahihi, chache kwanza, kisha nyingi. Asubuhi moja nilitafuta, ukurasa mkuu ukatokea juu, aina zote za mahindi zimo. Nilitafuta tena kwa simu, kisha kwa simu ya jirani. Sikushangilia. Nilikaa tu kitandani na simu mkononi, nikisubiri ubadilike.

Mwezi wa sita nilimpigia yule mama wa Igowole, ambaye alishapata simu nyingine. Alisema mahindi yamekubali, ila kuna kipembe kidogo cha shamba ambacho wafukuaji walikiruka, na mbegu ya bondeni ikaota pale. Mashina yake yalikauka majani mapema, na magunzi yalikuwa mafupi.

"Nimewapa kuku," alisema, na akaniuliza kama mama yangu hajambo.