Nani Alitaka Lango Lifungwe

Mkuu wa kituo cha mitihani aliniita mwizi mbele ya watu arobaini na wawili. Alisema nimeiba majibu ya sehemu ya kusikiliza, kwa kuwa mimi ndiye ninayedeki ofisi yake. Naanza na hilo ili mtu asije akasoma mbele akadhani nalia bure.

Mtihani ulikuwa wa cheti cha elimu ya watu wazima. Zahanati ya jirani, ambako nako nilikuwa nadeki mchana, ilitafuta mtu wa mapokezi, na muuguzi mkuu aliniambia, "Mama, kiti ni chako. Lete cheti kabla ya Ijumaa." Miaka kumi na tisa nilikuwa nimeinama. Kwa karatasi ile ningeketi.

Shule sikupelekwa. Nikiwa mdogo tulilala wanane chumba kimoja, pazia katikati, na usiku mmoja wakubwa walijadili kama nisome. Bibi alisema nisome. Baba mdogo akajibu, "Haya, asome! Maji tutakwenda kuchota sisi." Wote walisikia asome. Mimi, nyuma ya pazia, nilisikia maji. Asubuhi nilikuwa kisimani. Tangu siku ile nikisikia watu wanazungumza, sisikilizi tu linalosemwa. Nauliza moyoni: huyu analitaka, au anamrudishia mwenzake maneno yake?

Ndiyo maana sehemu ya kusikiliza sikuiogopa. Wenzangu waliogopa. Watu watatu wanazungumza kwenye spika, huwaoni, kanda inapigwa mara mbili tu, kisha useme nani ana maoni gani. Mwalimu wetu wa darasa la jioni alitufundisha kusoma maswali kwanza, halafu kuchora safu tatu, kila sauti na safu yake. Mtu akibadili maoni, unayakata na kuyahamisha. Mimi niliongeza la kwangu: mbele ya kila neno la kukubali niliweka alama ndogo, maana yake "ngoja amalize". Watu wengi hukubali kwanza ili wapate pa kukanyagia wakikataa.

Siku ya matokeo tulijaa ukumbini. Mkuu alisoma alama za kusikiliza kwa sauti. Nne. Tano. Tatu. Fundi seremala, aliyekaa nyuma yangu, alipata tano akainua mikono kama mshindi wa ndondi. Kisha mkuu akafika kwangu, akavua miwani.

"Tisa kati ya kumi," alisema. "Tisa! Hata kidato cha nne hawapati tisa. Mama Ndoo, funguo za ofisi yangu unazo wewe, au sivyo?"

"Ninazo, mkuu. Za kufungulia nideki."

"Na karatasi ya majibu ilikuwa mezani kwangu wiki nzima. Ukumbi mzima usikie: huyu ni mwizi. Matokeo yake yamefutwa." Akachora mstari mwekundu juu ya karatasi yangu.

Kina mama wawili waliokaa karibu nami walivuta pochi zao. Hizo pochi ndizo ambazo sijazisahau.

Ndipo seremala, ambaye hajui kunyamaza hata msibani, akasema, "Mkuu, samahani. Kama ameiba majibu yote, hilo la kumi alimwachia nani?"

Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka. Moyo uliruka kama samaki kwenye ndoo.

"Nilikosa lipi?" niliuliza.

"La saba."

La saba! Nililikumbuka neno kwa neno. Lilikuwa: mwisho wa mazungumzo, nani bado anataka lango la nyuma lifungwe? Sauti za kanda zilikuwa tatu, Fundi redio, Mshonaji na Nesi, na mimi niliandika: hakuna.

"Karatasi yako inasema nani?"

"Nesi," alisema mkuu. "Na ndivyo ilivyo."

"Sivyo ilivyo."

"Unabishana na majibu ya mtihani?"

Mwalimu wetu alisimama. Ni mpole, lakini siku ile shingo yake ilikuwa imenyooka. "Mkuu, matokeo hayajatiwa saini. Mtahiniwa ana haki ya kulalamikia swali. Tuipige kanda."

"Ipigwe!" alisema seremala. "Mimi mwenyewe niliandika Nesi, nataka nijue kama mimi ni mwerevu." Na wengine wakaitikia, ipigwe, ipigwe, mpaka karani wa kituo akakimbilia spika kabla hajaambiwa.

Ikapigwa. Wapangaji watatu wa jengo moja. Nilikaa ukingoni mwa kiti.

Fundi redio alianza: "Lango la nyuma lifungwe. Vibaka wanaingilia huko."

Mshonaji akasema: "Ni kweli vibaka wapo. Lakini wateja wangu wanapitia huko huko. Mkilifunga, mmenifunga mimi."

Kisha Nesi: "Aa, lifungwe! Lifungwe kabisa! Mgonjwa wa usiku abebwe mgongoni azungushwe mpaka barabara kuu. Hilo ndilo mnalotaka, si ndiyo?"

Kisha Fundi redio, sauti imeshuka: "Sikuliona hivyo, dada. Basi tuweke taa pale, lango tuliache."

"Zima!" nilisema, na karani akazima. Hakuna aliyewahi kunitii upesi hivyo.

"Mnasikia? 'Lifungwe' limesemwa na Nesi mwishoni," alisema mkuu. "Liko hapa kwenye maandishi, mstari wa kumi na nne."

"Kwenye maandishi, ndiyo. Wewe ulisoma, mkuu. Hukusikiliza."

Mtu alipiga mluzi. Niliendelea, maana nilijua nikinyamaza sitaanza tena. "Nesi anamrudishia Fundi neno lake ili alione ubaya wake. Anataka lango libaki wazi. Na kama huamini sauti yake, mwangalie Fundi. Kama Nesi alimuunga mkono, kwa nini Fundi akageuka? Mtu akiungwa mkono anazidi kusimama, harudi nyuma. Mshonaji hakutaka tangu mwanzo, ile 'ni kweli' yake ilikuwa ya adabu tu. Amebaki nani? Hakuna."

Mwalimu alichukua karatasi ya majibu na maandishi ya kanda, akafuata kwa kidole. Kisha akainua uso anacheka.

"Hakuna," alisema. "Majibu yetu ndiyo yenye kosa. Na mkuu, angekuwa ameyanakili, angelinakili na kosa hilo."

Ukumbi ulilipuka! Seremala alisimama juu ya benchi: "Kumi kwa kumi! Na mimi nimeshuka hadi nne, sijali!" Wale kina mama wa pochi walinikumbatia, mmoja analia. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, mimi niliyekuwa mwizi dakika ishirini kabla.

Mkuu alikuwa ameshatoka kwa mlango wa pembeni.

Cheti nilipewa Alhamisi, dirishani, kumi kwa kumi, saini ya mkuu chini yake. Ijumaa niliketi kwenye kiti cha mapokezi, na bado nimeketi. Watu wanakuja watatu kwa wakati mmoja, mke, mume na mama mkwe, na mimi najua ni nani kati yao mgonjwa na nani aliyelazimishwa kuja.

Mwezi uliopita karani alikuja kuchukua dawa. Aliinama dirishani akanong'ona, "Mama, mkuu anasema yale yaishe. Anasema alikosea."

"Alisema hivyo lini?"

Akatazama viatu vyake. "Si unajua, mama, ni mtu mzima, anaona aibu..."

Nilimpa dawa nikamshukuru. Ni mtoto mwema. Yale yalikuwa maoni yake mwenyewe, ameyavalisha koti la bosi wake.

Kwa hiyo deni bado liko palepale. Niliitwa mwizi kwa sauti, mbele ya watu arobaini na wawili. Mkuu wa kituo anadaiwa kuliondoa neno hilo kwa sauti ile ile, mbele ya watu wale wale, kwa kinywa chake. Akilisema, nitajua kama ni lake.