Alama za Moto Mgongoni Mwangu

Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye mchanga, karibu kufika Habaswein, kando ya bauza, lori la tangi la maji la shirika, na miguu yangu haikuwa yangu. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepasuka. Nilikuwa nimepiga jeki, nimetoa lile bovu, na nilipoinama kuinua spea peke yangu nikasikia kitu kiunoni kikikatika kama kamba ya mzigo. Suruali ililowa, na si kwa maji ya bauza. Wanawake waliokuwa wakipitisha mbuzi walisimama mbali wakageuza nyuso zao kwa heshima. Heshima hiyo iliniumiza kuliko mgongo. Mwisho wanaume wa duka lililokuwa karibu walikuja na mkeka, wakanibeba kama maiti, mmoja akiuliza, "Adeer, ami yangu, utingo wako yuko wapi?"

Utingo nilikuwa nimemwomba. Kwa maandishi. Na walionikatalia nawajua wote watatu.

Miaka ile ya tisini nilikuwa dereva Garissa, katika shirika la misaada lililopeleka maji na chakula. Safari zangu zilikuwa Wajir, Buna, Diff, mahali popote barabara ilipokuwa jina tu. Kiti cha bauza langu springi zake zilikuwa zimekufa, mimi nimekalia chuma na gunia. Tena kukawa na kupunguza watu, wakawatoa mautingo. Dereva akawa ndiye anayepiga jeki, ndiye anayebingirisha mapipa ya dizeli.

Mgongo ulianza kidogo, ukashuka mguu wa kushoto hadi kwenye kidole. Nilivumilia kwa vidonge vya dukani. Vilipokosa nguvu nikaenda kwa mzee wa kwetu anayechoma. Kwetu sisi mtu akiumwa mahali na maumivu hayaondoki, huchomwa moto pale pale. Kijiti kinatiwa kwenye makaa, kinawekwa kwenye ngozi, basi. Nilichomwa mistari miwili, kulia na kushoto ya uti wa mgongo. Nilipumzika kidogo, maumivu yakarudi. Ndipo nikaenda hospitali kubwa ya Garissa.

Daktari wa pale alinipiga picha, akanigonga magoti kwa kinyundo, akaniinua mguu nikiwa chali mpaka nikapiga kelele. Akasema kile kitu laini kati ya pingili kimesogea, kinabana mshipa unaokwenda mguuni. Akaniandikia chiti ya kazi nyepesi: nisiinue vitu vizito, nisiendeshe mbali kwenye barabara mbovu, nipimwe tena baada ya miezi mitatu. "Hii chiti haitoshi ukiiweka mfukoni," aliniambia. "Andikia ofisi ya wafanyakazi, uombe wakubadilishie kazi."

Mimi shule niliiacha mapema, kuandika kwangu ni jina na namba za gari. Nikaenda kwa mtu mwenye mashine ya chapa, anayeandikia watu barua nje ya posta. Nikamwambia mambo matatu. Nipewe utingo wa kuinua. Niendeshe gari la mjini kwa muda huo wa daktari. Kiti kitengenezwe. Sikuomba kulala nyumbani, sikuomba kupumzishwa. Nilitaka kuendelea kuendesha. Mwenye mashine alikuwa mtu wa taratibu. Akaandika juu kwamba barua inakwenda kwa ofisa wa wafanyakazi, kupitia kwa ofisa wa usafiri. "Ukimruka mkubwa wako wa karibu," alisema, "wataitupa."

Mkubwa wangu wa karibu alikuwa mtu wa kwetu. Tulikua pamoja, tumechunga pamoja, tumeoga kwenye bwawa moja. Aliisoma barua mbele ya madereva wenzangu, akacheka.

"Walaal, ndugu yangu, umekuwa mzungu? Unataka kiti cha sponji?"

"Nataka kiti chenye springi."

"Na ngamia akiumwa mgongo, naye anaandika barua?"

Madereva wakacheka. Nikamwambia, "Ngamia akiumwa mgongo hapakiwi. Wewe umechunga, unajua."

Kicheko kikahamia kwake. Nafikiri ni hapo alipoamua kuizuia barua. Barua ilikaa mezani kwake mpaka nikamfuata mara nyingi, na kila mara ananituma Diff. Nilipoona haitoki, nikaenda mwenyewe kwa ofisa wa wafanyakazi. Alikuwa mama wa kutoka Nairobi, mwenye sauti laini. Akasema hajaona barua yoyote, akaagiza iletwe, kisha akanituma kwa daktari wa shirika. Nilifurahi, mjinga mimi. Nilidhani sasa nimefika kwa watu.

Daktari wa shirika alikuwa kijana. Nikavua shati. Hakunigonga goti, hakuniinua mguu, picha ya hospitali hakuitoa kwenye bahasha. Aliangalia ile mistari miwili tu.

"Nani alikufanyia hivi?"

"Mzee wa kwetu. Dawa ya mgongo."

Akaandika.

Siku ya jibu tuliitwa, mimi na ofisa wa usafiri, ofisini kwa yule mama. Aliuliza swali moja, na hakuniuliza mimi. Alimgeukia mwenzangu.

"Huu moto ni kitu gani? Unaweza kuharibu mgongo?"

Nikamwangalia mtu wa kwetu. Nilijua atacheka, atasema, aa, mama, hiyo ni ngozi tu, hiyo kila mtu anayo.

"Unaweza sana," alisema. "Hawa watu wa bara ndani bado wana ushamba huo. Wengine wanalemaa."

Hawa watu. Nilimwambia kwa Kisomali, "Inua shati lako umwonyeshe." Yule mama akasema, "Mzee, hapa tunaongea Kiswahili." Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba maumivu yalikuja kwanza, moto ukafuata. Akajibu kwa upole wake, "Pole, lakini daktari ameandika alama ni za kuchomwa. Shirika haliwezi kubadilisha kazi kwa jambo alilojifanyia mtu mwenyewe."

Barua yao ilikuwa ya Kiingereza. Yule wa posta alinisomea: ombi limekataliwa, niendelee na kazi zangu zote za kawaida, na nikishindwa niandike ya kuacha kazi. Wiki iliyofuata nikapangiwa Habaswein, peke yangu.

Nilifanyiwa upasuaji. Natembea, kwa fimbo, na mguu wa kushoto ninauburuta. Mambo mengine ya mwili siyasemi. Baadaye waliniachisha kwa sababu za afya, afya ile ile waliyosema haiwahusu. Bauza langu likapewa dereva mpya, na huyo akapewa utingo. Wallahi, na kiti kikashonwa upya. Nilikiona kikiwa kimetolewa nje kwa fundi, springi mpya zinang'aa.

Sasa watu huniambia nisamehe, ni zamani. Yule daktari kijana na asikie: ulipewa mgonjwa, ukapima kovu. Yule mama wa Nairobi, ambaye hajawahi kuniinulia sauti, na anijibu hili tu: kwa nini hukuuliza moto ulikuja lini? Mtu hachomwi mgongo usiouma. Ungeuliza neno hilo moja, ningekuwa na utingo siku ile.

Na wewe wa usafiri. Tunaswali msikiti mmoja mpaka leo, unanisalimia "walaal" ukitazama fimbo yangu. Una alama nne za moto kuzunguka kitovu chako. Niliziona bwawani tukiwa watoto, na mama yako alituambia ulichomwa kwa sababu ya homa iliyokaribia kukuua. Sitaki kazi, sitaki pole yako. Nataka Ijumaa moja, watu wakitoka, usimame mlangoni, uinue shati, unijibu mbele ya watu: homa yako, uliileta wewe mwenyewe?