Kiti Kinachosogea Kuelekea Mlangoni

Kiwandani walimwita Bi Gundi, maana mikono yake ilinukia gundi hata siku ya mapumziko. Kazi yake ilikuwa kuunga vitabu: anakusanya kurasa zilizokunjwa, anazishona mgongoni, anazipaka gundi, kisha anazivisha jalada. Alikuwa mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa maneno. Mtu akimwuliza kitabu hiki kinahusu nini, hujibu, "Mimi najua migongo tu, matumbo yao waulize waliosoma."

Mwaka ule pumzi zilianza kumwishia kwenye ngazi za kiwanda. Mwanzoni alisingizia uchovu wa kulea, maana mwanawe alikuwa bado hajafikisha miaka miwili na usiku ulikuwa hauna usingizi. Lakini siku moja alikaa kwenye ngazi akashindwa kunyanyuka, wenzake wakampeleka hospitali. Huko akaambiwa valvu moja ya moyo wake haifungi sawasawa, na dawa peke yake hazitatosha. Lazima apasuliwe.

"Tutafungua mfupa wa kifua," daktari alimweleza. "Ukitoka hapa, usinyanyue kitu kizito mpaka mfupa uungane. Hesabu miezi, usihesabu siku."

"Na mtoto wangu?"

"Mtoto ni kitu kizito, mama."

Neno hilo ndilo lililomkata maini, kuliko hata kisu chenyewe. Mwanawe walimwita Kifungo, kwa udogo aliozaliwa nao, na Kifungo hakujua kulala ila kwa namna moja tu. Mama ambebe, atembee naye sebuleni kwenda na kurudi, naye mtoto amshike mama ndewe ya sikio na kuisokota taratibu mpaka macho yafumbe. Akiwekwa kitandani macho yakiwa hayajafumba vizuri, anaamka kama aliyeunguzwa. Akishtuka usiku, na alishtuka mara nyingi, ni safari ileile tena. Baba yake, fundi wa kukata na kuweka vioo, alikuwa amejaribu kumbembeleza, lakini mtoto alimgusa sikio, akaona si lenyewe, akaangua kilio.

Jioni ile mume wake alisema alichokisikia kazini. "Mwenzangu mmoja alimlaza wa kwake, akafunga mlango. Akalia, akalia, siku chache tu, sasa analala kama gogo. Na sisi tufanye hivyohivyo, mama Kifungo. Muda hatuna."

"Unataka wiki zangu za mwisho humu ndani zijae kilio?"

"Nani kasema za mwisho?"

Mume alitoka nje, na alikaa huko muda mrefu akijifanya anatafuta bisibisi.

Kesho yake Bi Gundi alikwenda kliniki ya watoto kumwona muuguzi aliyekuwa akimpima Kifungo tangu uchanga. Muuguzi yule alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini, na hakuwa mtu wa kupamba mambo.

"Sitakutisha kwamba mtoto akiachwa alie kidogo ataharibika," alisema. "Wapo wanaofanya hivyo na watoto wao ni wazima. Lakini kama moyo wako hautaki, ipo njia ya kujitoa polepole. Kila jioni mambo yawe yaleyale kwa mpangilio uleule: aoge, avae, umwimbie kidogo, taa ipunguzwe. Umweke kitandani amechoka lakini yuko macho. Wewe kaa kwenye kiti kando yake, mkono juu yake. Akizoea, unaondoa mkono, unabaki umekaa. Akizoea hilo, kiti kinarudi nyuma kidogo. Hivyohivyo mpaka mlangoni, mpaka nje ya mlango."

"Na akilia?"

"Atalia. Sijawahi kuona njia isiyo na kilio hata chembe. Tofauti ni kwamba hatalia peke yake. Akizidi, mchukue, mtulize, mrudishe angali macho. Usimpigie hadithi, usicheze naye, uwe kama fenicha. Na akiamka usiku, fanya vilevile."

"Mbona inaonekana rahisi?"

Muuguzi akacheka bila furaha. "Rahisi kusimulia. Ubaya wake ni kwamba inakwenda mwendo wa konokono. Itakula wiki, na utachoka kuliko sasa kabla hujapumzika. Watoto wengine wakimwona mama amekaa hapo hawabebi, ndiyo wanapandwa hasira zaidi. Akiugua, mnarudi nyuma. Na mtu mmoja nyumbani mwenu akifanya kinyume, mnaanza upya. Jambo moja zaidi: baba yake naye akae kwenye hicho kiti jioni nyingine. Maana wewe hutakuwepo."

Bi Gundi alirudi nyumbani akamweleza mume wake kila kitu, isipokuwa hilo la mwisho. Alijiambia atalisema wiki ijayo. Jioni zilizobaki alizitaka ziwe zake.

Walikuwa na chumba kimoja cha kulala na sebule. Mume alitundika pazia katikati ya chumba, kitanda kidogo cha Kifungo kikakaa upande wa dirisha. Bi Gundi akavuta kiti cha jikoni. Jioni ya kwanza mtoto alisimama, akanyoosha mikono kuelekea sikio la mama, akalia kwa mshangao hasa, kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Alimchukua, akamtuliza, akamrudisha. Akamchukua tena. Alipolala hatimaye, mkono wa mama ulikuwa tumboni mwake na kifua cha mama kikidunda ovyo mpaka akahofia.

Lakini kidogo kidogo mtoto akaelewa. Badala ya ndewe ya mama akaanza kusokota pembe ya shuka. Mkono wa mama ukawa unakaa muda mfupi, kisha ukawa haukai. Kiti kikatoka ubavuni kikafika kwenye miguu ya kitanda, na Kifungo akawa anainua kichwa tu, anahakikisha mama yupo, analala. Bi Gundi akiwa pale gizani alimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kupata nafasi ya kumtazama alipokuwa anambeba. Alimwona jinsi anavyoguna akigeuka, jinsi anavyokunja vidole vya miguu. Kiwandani akawa anatembea akisinzia, lakini alisema ule ulikuwa usingizi mtamu.

Siku moja alichelewa hospitali kwa vipimo, mama mkwe akaja kukaa na mtoto. Bi Gundi alipoingia alimkuta bibi kambeba Kifungo mgongoni, anazunguka naye sebuleni, mtoto kashalala fofofo.

"Mama, si nilikuomba umlaze kitandani, ukae tu kitini?"

"Nikae kitini nimtazame mtoto anayenililia? Mimi si askari, mwanangu. Wanangu wote niliwalaza mgongoni na hakuna aliyeoa angali mgongoni kwangu."

Bi Gundi alitaka kucheka, akajikuta analia. "Mama, nikitoka hospitali siwezi kumbeba. Akiwa hajui kulala bila kubebwa, nitamtazama tu akinililia."

Bibi alimshusha mtoto, akamlaza. Tangu siku ile, akija jioni, alikuwa akikaa kwenye kile kiti na kuguna peke yake, lakini alikaa.

Kisha Kifungo akashikwa na mafua, masikio yakamuuma, homa ikapanda. Muuguzi alikuwa amesema mtoto mgonjwa hafundishwi kitu, kwa hiyo Bi Gundi akambeba usiku baada ya usiku, huku mwenyewe akihema. Homa ilipoisha, mtoto alikuwa amerudi kwenye sikio la mama, na kiti kikarudi ubavuni. Ilikuwa haraka kuliko mwanzo, lakini ilikuwa ni kuanza upya.

Katikati ya hapo simu ikaja kutoka hospitali. Nafasi ya upasuaji ilikuwa imepatikana mapema, alitakiwa alazwe kesho yake. Kiti kilikuwa bado hakijavuka nusu ya chumba.

Jioni ile ndipo alipomwambia mume wake. "Kuna kitu muuguzi alisema sikukwambia. Alisema na wewe ukae kwenye kiti. Alisema tangu mwanzo."

Mume alimkodolea macho. "Na ukaninyima?"

"Nilitaka anikumbuke."

Fundi wa vioo alikaa sakafuni. Alikuwa na hasira, ilionekana kwenye shingo yake, lakini hakuitoa. Akasema, "Nionyeshe basi. Mkono unakaa wapi?"

Walimlaza pamoja, yeye kitini, mkewe nyuma ya pazia amebana pumzi. Kifungo alimlilia mama, akalia sana, mama akauma mkono wake asitoke. Mwisho akatoka. Akambeba mwanawe, akampa sikio lake, akatembea naye sebuleni mpaka akalala. Hakuna aliyemlaumu. Asubuhi, kabla ya kwenda hospitali, mume alimwahidi kwamba hatamfungia mtoto mlango.

Upasuaji ulikwenda salama. Siku alizoweza kuzungumza, la kwanza kuuliza lilikuwa lilelile, mtoto amelalaje, na mume alijibu kwenye simu kwa sauti ya mtu asiyelala. Alisema siku za mwanzo zilikuwa mbaya, kwamba alirudisha kiti ubavuni, kwamba mtoto alikuwa akilisukuma shavu la baba. "Nilitaka kufunga mlango nikimbie. Nilishika kitasa kabisa. Lakini nilikuwa nimekuahidi." Kisha siku nyingine akasema mtoto amelala akiwa amemshika kidole. Kisha akasema kiti kiko mlangoni. Bi Gundi alisema vizuri, akageukia ukuta.

Alirudi nyumbani akitembea kama aliyebeba mayai kifuani. Kifungo alijificha nyuma ya miguu ya baba, akachungulia. Jioni ilipofika, baada ya kuoga na kuvaa, Bi Gundi aliomba amlaze yeye. Mume akamweka mtoto kitandani, akatoka. Bi Gundi akaketi.

Kifungo alimtazama. Akakaa kitako. Akanyoosha kidole kuelekea mlango.

"Baba," alisema. Kisha kwa nguvu zaidi, "Mama nje. Baba!"

Bi Gundi alitoka. Sebuleni mume hakuthubutu kumtazama usoni. Aliingia ndani, na muda si muda kukawa na kimya kile walichokuwa wakikitafuta miezi yote.

Bi Gundi alipompeleka mtoto kliniki, alimsimulia muuguzi akijaribu kufanya mzaha. Muuguzi hakucheka. Alisema mtoto ana haki ya kuogopa aliyeondoka, na kwamba njia ileile hutumika kwa kurudi: akae chumbani mbali wakati baba anamlaza mtoto, asiombe kitu, kisha asogee.

"Kwa muda gani?"

"Hilo anajua yeye."

Basi sasa kuna viti viwili katika chumba kile. Cha baba kimerudi kando ya kitanda tangu mama arejee, cha mama kiko mlangoni. Jioni nyingine Kifungo humtazama kabla ya kufumba macho, jioni nyingine humpa mgongo. Akishalala, mume hutoka kwanza. Yeye hubaki kidogo, mkono juu ya kovu lake, akisikiliza pumzi za mtoto asiyemhitaji tena ili alale.