Danstan na Vidonge vya Njano

Pale Nyarubungo, Biharamulo, gogo likiwa kubwa kupita kiasi, watu hawakuhangaika nalo. Walisema tu, "Mwiteni Danstan." Naye alikuja na msumeno wake mrefu begani, akalizunguka gogo kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, kisha akavua shati. Alikuwa Mhangaza wa Kibimba, Ngara, aliyefuata kazi ya mbao Biharamulo akiwa kijana, akaoa huko huko, na sasa alikuwa baba wa watoto wanne. Mwili wake ulijengeka hivi kwamba hata paroko, siku ya kubeba msalaba mpya wa kanisa, alimtafuta yeye kwanza.

Danstan alikuwa na imani moja kuhusu nguvu hizo. Aliamini mwanamume anayeinua vitu vizito lazima tumbo lake liwe tupu kila asubuhi. Uchafu ukilala ndani, alisema, unageuka sumu, sumu inaingia kwenye damu, na damu chafu haina nguvu. Imani hiyo ilimjia baada ya kuugua malaria kali. Alilala siku nyingi bila kula vizuri, choo kikafunga kama saruji, na kwenye zahanati akapewa vidonge vidogo vya njano, vya kumeza usiku, kwa siku chache tu. Asubuhi ya kwanza alitoka chooni akiwa mwepesi kama mtoto. Hakuusahau wepesi ule.

Vidonge vilipokwisha, akaenda duka la dawa kununua vingine. Mwanzoni kimoja kilitosha. Ulipopita mwaka vikawa viwili, kisha vinne. Siku aliyojaribu kuacha hakupata choo, na kesho yake hakupata tena. Akamwambia mkewe Benedicta, "Unaona? Tumbo langu ni gumu kwa asili. Bila dawa mimi ni maiti." Akarudia kumeza. Asubuhi alikwenda chooni mara tatu, mara nne, maji matupu, akarudi akijipangusa jasho na kusema amesafishika.

Siku yenyewe ilianza kama nyingine zote. Gogo la mkaratusi lilikuwa limelazwa juu ya jukwaa, Danstan amesimama juu, mwenzake Wiston yuko chini, msumeno unapanda na kushuka. Wiston alikuwa akisimulia habari za ng'ombe wa jirani alipohisi msumeno umekuwa mzito mkononi mwake. Akausukuma juu, haukupanda.

"Danstan! Vuta basi!"

Akainua macho. Danstan alikuwa ameketi juu ya gogo, miguu inaning'inia, anaitazama kama miguu ya mtu mwingine.

"Wiston," alisema, "miguu haipo."

"Haipo vipi?"

"Naiona. Haisikii."

Walimshusha watu watatu. Mtu aliyekuwa akibeba misalaba akabebwa kama gunia la mihogo, mikono nayo imelegea, moyo unadunda kwa kurukaruka hata yeye mwenyewe akaushika kwa kiganja. Mbele ya nyumba yake watu walijaa. Kila mmoja alikuwa na neno. Huyu alisema ametegewa kitu njiani na wapasua mbao wenzake wenye wivu. Yule alisema apelekwe kwa mganga fulani ng'ambo ya Nyamahanga, hospitali hawajui mambo ya namna hii. Danstan, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuogopa kitu, alilia mbele ya watoto wake.

Benedicta hakubishana na mtu. Alisimamisha gari dogo la mzigo lililokuwa limeshusha mbolea, akampakia mumewe, akapanda naye.

Hospitalini walipokelewa na Daktari Rwekaza, kijana mwembamba mwenye sauti ya chini. Alimpima Danstan nguvu za miguu, akamgonga magoti, akambandika nyaya kifuani kupima mwendo wa moyo. Karatasi ilipotoka kwenye mashine aliitazama kwa muda mrefu. Damu nayo ikachukuliwa. Majibu yaliporudi, alivuta kiti, akaketi karibu kabisa na kitanda.

"Mzee, una madini fulani kwenye damu yanaitwa potasiamu. Misuli haifanyi kazi bila hayo, na moyo ni msuli. Yako yamepungua mno, karibu kufika mahali ambapo moyo husimama. Umekuwa ukitapika?"

"Hapana."

"Kuharisha?"

"Mimi?" Danstan alitabasamu kwa uchovu. "Daktari, mimi tatizo langu ni kufunga choo. Tangu zamani."

Daktari akakunja uso. Akauliza dawa za presha, akaambiwa hapana. Dawa za miti shamba, hapana. Alikuwa anainuka ndipo Benedicta, aliyekuwa amesimama ukutani na mtandio mdomoni, akasema kama mtu anayetaja kitu kisicho na maana, "Labda vile vya njano tu. Vya kila usiku."

Daktari akaketi tena. "Vya njano vipi, mama?"

"Vya choo. Bisakodili. Siku hizi anameza sita, mara nyingine nane."

"Kila usiku?"

"Kila usiku. Miaka mitano sasa."

Daktari Rwekaza akamgeukia Danstan. "Na asubuhi ukienda chooni, unapata nini?"

"Maji."

"Hayo maji ndiyo kuharisha, mzee. Umeharisha miaka mitano."

Danstan akatikisa kichwa. "Hapana, kule ni kusafisha."

Daktari alimweleza polepole huku nesi akitundika dripu iliyochanganywa na potasiamu, dripu ambayo iliachwa idondoke taratibu, kwani madini hayo yakiingia kwa kasi nayo huua. Vidonge vile, alisema, huchokoza utumbo mpana ujikamue na kuvuta maji ndani. Kwa siku chache, kwa mtu aliyefunga choo kweli, ni dawa nzuri na salama. Unameza kizima usiku, hukitafuni, hukinywi pamoja na maziwa, na kama tumbo linauma sana au unatapika hukigusi kabisa, unakuja hospitali. Ukiona wiki imepita na bado unakihitaji, unakuja pia.

"Wewe ulikuwa unakamua utumbo mzima kila siku. Ukiacha siku moja, choo kitoke wapi? Hakuna kitu ndani. Utumbo unahitaji siku mbili tatu kujaa. Huo haukuwa ugonjwa, ulikuwa utupu. Ukaona umefunga choo, ukaongeza dawa. Maji yakatoka, potasiamu ikatoka nayo. Na utumbo nao una misuli, mzee. Potasiamu ikipungua, nao unalegea kama miguu yako. Hapo ukafunga choo kweli. Dawa ikakutengenezea ugonjwa uliokuwa unautibu."

Danstan aligeuza uso ukutani. Alikuwa amevimeza kwa ajili ya nguvu.

Kesho yake vidole vya miguu vilianza kumsikia. Lakini alipogeuka upande wa kitanda cha pili, akaona jambo lililomfanya amwite nesi kwa sauti. Mzee Bernardo, mwenye saratani iliyoingia mifupani, alikuwa amefungua kiganja na kupokea vidonge viwili vya njano. Vile vile.

"Nesi! Mnamuua mzee wa watu!"

Daktari mwenyewe ndiye aliyekuja. Alimweleza kwamba Mzee Bernardo anakunywa mofini ya maumivu, na mofini huulaza utumbo, kwa hiyo lazima kuwe na kitu cha kuuamsha kila siku. Lakini kipimo kimewekwa na daktari, damu yake inaangaliwa, na siku choo kikilainika kupita kiasi dozi inapunguzwa. "Dawa ni ile ile. Yeye anasimamiwa. Wewe ulijisimamia mwenyewe."

Bernardo akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu, mimi hata Mama Esperansia wa kwetu Kibimba nilimwambia, dawa usimeze kwa kuiga."

Kibimba. Esperansia. Danstan akamgeukia mkewe. Hilo lilikuwa jina la mama yake mzazi, aliyeishi huko huko Kibimba.

"Benedicta," alisema. "Simu."

"Kuna nini?"

"Mama. Mimi ndiye ninayempelekea."

Benedicta akaziba mdomo. Kila walipokwenda kusalimia, Danstan alimpelekea mama yake sukari, sabuni, na pakiti za vidonge vya njano. Mama mzee alilalamika choo kigumu, na mtoto mwema akamletea kilichomfaa yeye. Danstan alipomwambia daktari kwamba mama pia anameza dawa ya presha, ile inayokojoza sana, Daktari Rwekaza alisimama wima.

"Hiyo nayo nyingi huondoa potasiamu. Ana umri gani?"

"Sabini na kitu. Mwezi uliopita alianguka shambani, tukasema uzee."

"Mpigie. Sasa hivi."

Aliyepokea simu ni Suzan, dada yake mdogo aliyeishi na mama. Hakutaka maelezo mengi. Mchana ule ule alimpandisha mama gari, wakaenda hospitali ya upande wa Ngara. Jioni alipiga simu. "Wamemlaza, kaka. Wamesema moyo unaruka. Wamesema kama tungechelewa..." Danstan alikaa na simu sikioni hata baada ya kukatika.

Wote wawili walipona. Danstan aliondoka hospitalini akitembea mwenyewe, bila vidonge, akiwa na dawa nyingine ya maji matamu ya kulainisha choo kwa muda, na maagizo ya kunywa maji ya kutosha, kula maharage, mboga na matunda, na kwenda chooni kila baada ya chai bila kujikamua. Daktari alikuwa amemwonya kwamba miguu itavimba kidogo mwanzoni na tumbo litajaa, kwa sababu mwili uliozoea kupoteza maji utayang'ang'ania. Ilikuwa hivyo hivyo. Siku ya tatu bila choo aliapa anakufa. Benedicta akamwambia, "Kufa basi, lakini dukani huendi." Siku iliyofuata tumbo likafanya kazi yake lenyewe.

Alipopata nguvu ya kusafiri alikwenda Kibimba. Mama yake alikuwa ameketi barazani, amekonda, lakini macho yake makali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepungua."

Danstan alipiga magoti. Alikuwa amepanga maneno mengi njiani, yakampotea yote. "Mama, nilikaribia kukuua."

"Hukujua," mama alisema. "Nami niliona ni upendo wa mtoto. Kitu kizuri hivyo, hata sikula peke yangu."

Danstan akainua kichwa. "Hukula peke yako vipi?"

"Niligawa. Jirani yangu Scolastica naye ana presha, choo kinamsumbua. Na wale kina mama wengine wa jumuiya. Ulileta pakiti nyingi, mwanangu, ningezimaliza mimi?"

Suzan, aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni, aliangusha kisu.

Danstan alisimama. Hakunywa hata maji. "Nyumba ya Scolastica ndiyo ile yenye bati jipya?"

"Ndiyo. Lakini kaa kwanza ule."

Alikuwa ameshafika njiani, anatembea kwa haraka kuliko miguu yake ilivyoruhusu, huku Suzan akimfuata nyuma na kumtajia majina ya nyumba nyingine.