Cheti Kilichobadilika Njiani

Noela alikuwa mtu wa kufungua faili kabla ya kuliamini. Tabia hiyo aliipata kwenye mradi wa utafiti wa afya hapo Ifakara, alikofanya kazi ya kutunza takwimu mpaka mkataba ulipokwisha. Baadaye ushirika wa wakulima wa mpunga ukamchukua awe karani wa kumbukumbu, katika ofisi ya vyumba viwili pale Kibaoni. Wenzake walimcheka kwamba hata risiti ya chai anaikagua, naye hakukataa.

Mwaka ule ushirika uliagiza mbegu mpya ya mpunga kwa ajili ya wanachama wa Mbingu na vijiji jirani. Muuzaji alikuwa Obadia, wakala mwenye duka karibu na soko, mtu mchangamfu anayemjua kila mtu kwa jina. Mifuko ilifika ikapangwa stoo. Cheti cha maabara kikafuata kwa barua pepe, faili moja la PDF, na mwenyekiti wa ushirika, Mzee Wendelin, akampigia Noela simu kutoka nyumbani.

"Cheti kimeingia?"

"Kimeingia, mwenyekiti. Kinasema uotaji ni asilimia tisini na moja."

"Basi andaa majina ya kugawia. Mvua imeshaanza Mlimba, inakuja."

Noela alikipitia cheti. Nembo ipo, sahihi ipo, muhuri upo. Ila ile "tisini na moja" ilikaa juu kidogo ya mstari wa maneno mengine, kiasi ambacho mtu mwingine asingekiona. Akafungua sehemu ya sifa za faili, pale ambapo PDF yenyewe hueleza ilizaliwa lini na kwa programu gani.

Faili lilitengenezwa Jumatatu asubuhi, kwa Word, siku ileile iliyoandikwa kwenye cheti. Hapo hapakuwa na neno. Lakini lilibadilishwa Alhamisi jioni, na programu iliyolitoa mara ya mwisho haikuwa Word tena. Ilikuwa programu ya bure ya kuhariri PDF kwenye simu.

Alijizuia asiruke. Kwanza akaangalia saa zimeandikwaje, maana kuna programu zinazoandika saa za Greenwich, na hizo ziko nyuma ya saa za Tanzania kwa saa tatu; aliwahi kumshuku mtu bure kwa ajili hiyo. Hapa tofauti ilikuwa ya siku nzima nzima, si ya saa. Hata hivyo tarehe ya kubadilishwa peke yake haimtii mtu hatiani. Mtu akiweka sahihi ya kielektroniki, akipunguza ukubwa wa faili, au akilihifadhi upya tu, tarehe inasogea. Akaona afadhali amuulize mwenyewe.

"Ah, dada Noela!" Obadia alicheka kwenye simu. "Faili lilikuwa zito, halipiti kwenye barua pepe. Nikalipunguza kwa simu. Ndiyo hivyo tu."

"Hukugusa kitu ndani?"

"Niguse nini mimi? Mimi nauza mbegu, siyo mtaalamu wa kompyuta."

Jibu lilikuwa na mantiki, na hilo ndilo lililomkera. Maana kama ni kweli, kuna kitu kingine kinachopaswa kuonekana. Programu inayopunguza faili huliandika upya lote, mwanzo hadi mwisho. Lakini programu nyingi za kuhariri hazifanyi hivyo: huliacha la zamani lilivyo, kisha huongeza mabadiliko kwa nyuma, kama fundi anayeshona kiraka juu ya suruali bila kukata kitambaa cha chini. Kila mara faili linapohifadhiwa namna hiyo, linapata alama nyingine ya mwisho.

Akatengeneza nakala, ya asili akaiweka pembeni asiiguse, kisha nakala akaifungua kwa programu inayoonyesha baiti za ndani. Sehemu kubwa ilikuwa takataka zisizosomeka. Alichotafuta ni maneno mafupi, %%EOF, yanayofunga kila toleo. Akayakuta mara mbili. Hata hapo akajipa breki: PDF zilizopangwa zifunguke haraka mtandaoni nazo huwa na alama mbili bila kuhaririwa, lakini hizo huwa na tangazo mwanzoni, na hili halikuwa nalo. Hili lilikuwa toleo la kwanza, na juu yake toleo la pili.

Akakata kila kilichofuata baada ya alama ya kwanza, akahifadhi, akafungua.

Cheti kilikuwa kilekile. Nembo ileile, jina lilelile, kundi lilelile la mbegu. Uotaji: asilimia sitini na moja.

Noela alisimama, akaenda kunywa maji, akarudi, akakitazama tena. Kisha akaifunga kompyuta mpakato kwenye mkoba, akapanda bajaji mpaka kwa Mzee Wendelin.

Mwenyekiti alikuwa uani anapukuchua mahindi. Noela akamwamkia, akamwekea skrini mbele, matoleo mawili bega kwa bega. Mzee akavaa miwani, akaangalia kwa muda.

"Hii ya pili umeitengeneza wewe?"

"Sijaitengeneza, baba. Ilikuwa ndani ya faili alilotuma. Mimi nimeondoa kilichoongezwa juu."

"Sasa ukisema umeondoa, mimi nikisimama mbele ya wanachama nitawaambia nini? Kwamba karani wangu amekata faili akapata namba nyingine?"

"Utawaambia tusigawe mpaka maabara wathibitishe."

"Na kama maabara ndio walikosea Jumatatu, wakarekebisha Alhamisi?"

Noela akaitazama tena skrini. Swali lilikuwa la haki. Faili lilionyesha kwamba namba ilibadilishwa, kutoka ngapi kwenda ngapi, na kwa chombo gani. Halikusema ni mkono wa nani. Maabara wakirekebisha kwa programu ya simu lingekuwa jambo la ajabu, lakini ajabu si ushahidi.

"Ndiyo maana nataka tuwaulize," akasema mwishowe.

"Waulize basi. Ila usinicheleweshe."

Simu ya maabara, huko Morogoro, iliita na kuita. Ilipopokelewa, alikuwa mtaalamu aitwaye Getrude, mstaarabu kabisa, na ustaarabu wenyewe ulimwumiza Noela zaidi kuliko ukali.

"Dada, nakuelewa. Ila sampuli ililetwa na muuzaji. Matokeo ni yake. Siwezi kumtajia mtu mwingine bila barua yake."

"Muuzaji ndiye ninayemshuku."

"Basi ushirika uandike barua rasmi kwa mkuu wa maabara, mwenyekiti asaini. Tutaijibu."

"Itachukua muda gani?"

"Mkuu yuko safarini."

Barua iliandikwa siku hiyohiyo, na Mzee Wendelin akasaini huku akinung'unika. Kumbe Obadia naye alikuwa ameshasikia harufu. Kesho yake akatuma faili jingine kwa mwenyekiti moja kwa moja, na ujumbe: "Kuondoa utata, hii hapa nakala halisi."

Mzee akaingia ofisini akiwa ameshika simu juu kama amepata tiketi ya bahati. "Haya, likague na hili."

Noela akalikagua. Toleo moja tu. Tarehe ya kutengenezwa na ya kubadilishwa zilifanana. Chombo kilichotumika: programu ya simu ya kupigia picha nyaraka. Na faili lilizaliwa asubuhi ileile.

"Halina kasoro, siyo?" mzee akauliza.

"Halina historia, mwenyekiti. Amechapisha kile cheti kilichobadilishwa kwenye karatasi, akakipiga picha. Hili ni faili jipya, lazima liwe safi. Usafi wake hautuambii chochote."

"Noela, la kwanza ulisema lina makosa kwa sababu lina historia. Hili unasema lina makosa kwa sababu halina. Wewe unataka faili la namna gani?"

Alitaka kulia. Maneno yote yalikuwa sahihi kichwani mwake, na kila aliyoyatoa yakageuka yakamfanya aonekane mkaidi. Akajaribu tena, polepole, kwamba maabara huandika kwa Word na kutuma moja kwa moja, kwamba cheti kilichotoka Jumatatu hakiwezi kuzaliwa leo kwenye simu ya mtu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Halafu mvua ikaanza kupiga bati, kubwa, ya kwanza ya msimu Ifakara, na Noela akaona macho ya mwenyekiti yamehamia dirishani.

"Wapeni," mzee akasema. "Watu wakikosa wakati wa kupanda, watanila mimi, siyo kompyuta."

Noela aliomba jambo moja tu: wale wa vijiji jirani wasubiri kidogo, waanze wa Mbingu peke yao, na stoo isiishe. Akakubaliwa. Mbegu mia moja akazipanga mwenyewe juu ya kitambaa chenye maji kwenye sinia ofisini, ingawa alijua kwamba mpaka ziseme kitu, wa Mbingu watakuwa wameshamwaga zao shambani.

Jibu la maabara lilikuja sinia ikiwa imeanza kuonyesha vichipukizi hapa na mapengo pale. Getrude aliambatisha nakala iliyokuwa kwenye kumbukumbu zao. Noela akaifungua: Word, Jumatatu, toleo moja. Asilimia sitini na moja. Chini Getrude aliandika kwamba maabara haikurekebisha chochote na kwamba mbegu ile haikufikia kiwango.

Mzee Wendelin alisoma mara mbili. Kisha akampigia Obadia mbele ya Noela, na sauti yake Noela hakuwahi kuisikia hivyo. Stoo ikafungwa, mifuko iliyobaki ikarudishwa, na suala la Obadia likapelekwa kwa wakaguzi wa mbegu na polisi. Vijiji jirani vikapata mbegu nyingine, iliyochelewa lakini nzima.

Kwa Mbingu ilikuwa imepita. Noela alikwenda huko pamoja na mwenyekiti kuzungumza na wanachama. Baada ya kikao, mama mmoja aitwaye Febronia akamwomba aende naye mpaka shambani kwake. Mpunga ulikuwa umeota kwa viraka, kijani hapa, tope tupu pale, na magugu yakijaza nafasi zilizobaki.

"Pole sana, mama," Noela alisema.

"Asante. Mwenyekiti amesema ni wewe uliyegundua."

"Ndiyo, mama."

"Uligundua kabla hatujachukua mbegu, au baada?"

Noela akamtazama Mzee Wendelin, aliyekuwa amewafuata, amesimama kwenye tuta akisafisha tope kwenye kiatu kwa kijiti.

"Kabla," akasema.

Mama Febronia akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia alichotegemea. Hakugomba. Akainama, akang'oa gugu moja, akalitupa kando, akaendelea na jingine. Noela akavua viatu, akaingia naye kwenye tope, wakang'oa pamoja, mpaka mwenyekiti alipoita kwamba gari linaondoka.