Nenda Mbale Ukarudi

Harufu ya wanga kwenye nguo inayopigwa pasi hunirudisha kwenye kambi ya polisi, Jinja. Baba alikuwa amehamishiwa Mbale, na mama akamtungia shairi la kumuaga. Wake wa maafande walipokusanyika, aliliimba kwa vipande vya mizani nane, makofi yakiharakisha.

"Nenda Mbale ukarudi."

Wakaitikia, "Mlango hatuufungi."

Baba alicheka, akapanda lori.

Jioni, akipiga pasi sare iliyobaki, mama aliunganisha vipande vile viwili kuwa mshororo mmoja. Akaughani taratibu, akitua katikati, akiivuta silabi ya mwisho.

"Mama, mbona huimbi?"

"Kuimba kunataka wa kuitikia, mwanangu."

Leo napiga pasi, naughani. Nikitua katikati, natazama mlango. Uko wazi.