Kiti Kwanza, Kisha Watu

Sisi wa Amu, kisiwani Lamu, gari hulinunua ng'ambo na kulilaza huko huko, Mokowe, kwa sababu mjini kwetu halina pa kupita. Asubuhi ile tulivuka kwa boti, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka sita ambaye hatembei. Kliniki yake iko Mombasa, na mabasi yalikuwa yamemchosha. Nilivuka roho mkononi. Pesa zilitosha gari moja, na tukikosea ndio basi.

Dalali alituegeshea magari mawili kando ya jeti, ya umri mmoja na injini sawa. La kwanza lilikuwa saluni, lenye buti lililochomoza nyuma. La pili lilikuwa fupi, mlango wake wa nyuma ukifunguka juu pamoja na kioo.

"Hii fupi bei iko chini," dalali alisema. "Saluni watu wa teksi wanaigombania, ndiyo maana iko juu."

Mume wangu alikuwa ameshaipenda saluni. Tuliijaribu kwanza. Nyuma, miguu ya binti yetu, iliyonyooshwa kwa vyuma, ilipata nafasi. Kwenye mashimo ya barabara ya jeti gari lilitambaa taratibu, naye hakulalamika hata kidogo. Nikaanza kupumua.

Kosa letu lilikuwa kumpakia mtu kabla ya mzigo, jambo ambalo kwenye boti hatulifanyi. Tuliporudi tukakumbuka kiti chake cha magurudumu. Buti lilikuwa na kina cha kutosha, lakini mdomo wake mwembamba. Tulikikunja, tukakilaza, tukakisimamisha. Wapi!

"Ndia ya Mombasa ni ndefu, muhimu ni yeye akae vyema," mume wangu alisema. "Kiti tutakiata papa hapa Mokowe, tutakikuta tukirudi. Hospitali hakukosi viti."

Binti yetu akauliza kutoka ndani, "Nami mutaniata?"

Nilimkasirikia mume wangu. Yeye akainama kufunga buti ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Tukahamia lile fupi. Safari hii kiti kilitangulia. Dalali alilaza upande mmoja wa siti ya nyuma, kikateleza ndani bila kuinuliwa sana. Nyuma zilibaki nafasi mbili. Miguu ya mtoto ikagonga siti ya mbele, tukaisogeza siti hiyo mbele hadi mwisho, ikawa haikaliki tena. Mimi nikabanwa katikati ya mtoto na kiti.

Barabarani gari lile liliruka. Kila shimo nililisikia mgongoni, na niliogopa kumtazama mwanangu usoni. Nilipomtazama, alikuwa amepitisha mkono mbele ya tumbo langu na kushika gurudumu la kiti chake.

"Yaumia?" nikamuuliza.

"Yaumia," alisema. "Lakini tuchukueni hili."

Mume wangu alimwona kwenye kioo. Akapunguza mwendo, akaendesha hivyo mpaka jeti, na saluni hakuitaja tena.